Kombo na kiti kinachopanda

*Shikamoo Shangazi. Naandika kutoka Tanga. Mwanangu wa mwisho ana miaka 5 na hajawahi kufika kwa daktari wa meno. Mwalimu wake wa chekechea ameniambia ana doa jeusi kwenye gego la chini, na nimeshamwandikisha kliniki Jumatano ya wiki ijayo. Shida ni kwamba mwaka jana kaka yake aling'olewa jino, akarudi nyumbani analia na pamba yenye damu mdomoni, na huyu mdogo alikuwa mlangoni akiona yote. Tangu siku hiyo ukitaja meno tu anaziba mdomo kwa mikono miwili. Usiku anapenda kusomewa, basi nikajaribu kumtungia hadithi, lakini kila nikianza naishia kusema "usiogope, haiumi", naye ananijibu, "Mama, unadanganya." Naomba unitungie hadithi fupi nimsomee.*

*Mama wa wawili, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mtoto wako amesema kweli, na mimi nitamfuata yeye. Ulipomwambia haiumi, hukuwa unajua daktari atakuta nini mdomoni, naye alijua kwamba hujui. Halafu neno lenyewe lina ubaya wake: mtoto mdogo hubaki na ile "uma" ya mwisho. Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya kinywa na meno kwa miaka mingi, na siku moja nilimwambia binti mdogo neno hilohilo huku nikimshikia kichwa. Daktari akapuliza upepo, ukaingia kwenye jino lililotoboka, mtoto akaruka. Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Siku ile hakufungua mdomo tena, na tangu hapo sijamwambia mtoto yeyote neno hilo.

Kwa hiyo hadithi niliyokuandikia haina "haiumi" wala "usiogope". Kazi yake ni moja, kumpitisha mtoto ndani ya chumba kile kabla hajakifika, akutane na kiti, taa, kioo na upepo kwa mpangilio atakaoukuta, pamoja na harufu zake na milio yake. Madaktari wanaozoea watoto wana utaratibu wao: mwambie, mwonyeshe, ndipo ufanye. Wewe unaianza ile hatua ya kwanza kitandani.

Nimempa mtoto wa hadithi jina la Kombo. Kama mwanao naye anaitwa Kombo, badilisha, maana mtoto mwenye hofu hutulia zaidi akimtazama mwenzake kwa mbali kuliko akijisikia anasemwa yeye. Na utaona Kombo anaogopa karibu mpaka mwisho. Ukimsomea mwoga habari za shujaa, anajua hizo si habari zake.

Soma polepole, na uwe na kijiko kidogo cha chai mkononi. Nitakuambia baadaye cha kazi gani.

Kombo na kiti kinachopanda

Kombo ana miaka mitano. Ana kigari cha kopo chenye magurudumu ya kandambili. Kila anapokwenda, kigari kinakwenda naye.

Leo Kombo anakwenda kwa daktari wa meno. Hajawahi kwenda. Tumbo lake linachezacheza.

"Mama, daktari atafanya nini?"

"Atahesabu meno yako," Mama akasema. "Atayatazama moja moja."

"Halafu?"

"Halafu atatuambia ameona nini."

Kombo akakikumbatia kigari chake.

Kliniki ina harufu. Harufu ya sabuni. Harufu ya dawa. Na harufu nyingine, kama karafuu. Kombo anaijua karafuu. Bibi huitia kwenye pilau.

"Kombo!" muuguzi akaita.

Miguu ya Kombo ikakataa kwenda. Mama hakumvuta. Mama akasimama naye. Wakahesabu vigae vya sakafuni. Moja. Mbili. Tatu. Miguu ikakubali.

Ndani kuna kiti kirefu, kirefu kama kitanda. Juu ya kiti kuna taa kubwa. Kando ya kiti kuna daktari. Amevaa barakoa. Yanaonekana macho tu!

Kombo akajificha nyuma ya Mama.

Daktari akashusha barakoa. Kumbe ndani kuna pua. Kuna mdomo. Na kuna meno!

"Shikamoo," Kombo akasema, kwa sauti ndogo.

"Marahaba, Kombo. Na huyu dereva wa kigari ni nani?"

"Mimi."

"Basi kigari kitangulie."

Daktari akakiweka kigari kwenye kiti. Akabonyeza kwa mguu. Mmmmmm. Kiti kikapanda. Mmmmmm. Kiti kikashuka. Kama ngalawa juu ya wimbi.

"Na wewe utapanda?"

Kombo akatikisa kichwa. "Na Mama."

"Sawa. Na Mama."

Mama akakaa kwenye kiti. Kombo akakaa juu ya mapaja ya Mama. Mmmmmm. Wakapanda.

"Kombo," daktari akasema, "ukitaka nisimame, nyoosha mkono. Hivi. Ukinyoosha mkono, nasimama."

Daktari akawasha taa. Mwanga mwingi! Kombo akanyoosha mkono.

Daktari akasimama. Akaigeuza taa kidogo pembeni. Kombo akashusha mkono.

"Hizi ni glavu," daktari akasema. Kombo akanusa. Zinanuka kama puto.

"Hiki ni kioo." Ni kidogo, kidogo kama sarafu. Kombo akajitazama. Akaona jicho lake moja. Sasa kioo kikaingia mdomoni. Ni cha baridi. Ni kama kijiko.

Kombo akanyoosha mkono.

Daktari akasimama. Akatoa kioo. Akangoja. Akangoja tena.

Kombo akafungua mdomo mwenyewe. Aaaaaa.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita, saba, nane, tisa, kumi. Meno kumi ya juu.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita, saba, nane, tisa, kumi. Meno kumi ya chini.

"Kombo, una meno ishirini!"

Mate yakajaa mdomoni. "Mrija huu unakunywa mate," daktari akasema. Srrrrrr! Kama juisi ya ukwaju inapoishia kwenye glasi. Kombo akataka kucheka, lakini mdomo ulikuwa wazi.

"Na huu ni upepo." Daktari akaupuliza kwanza kwenye kiganja cha Kombo. Fuuu. Kisha kwenye jino. Fuuu. Kisha kwenye jino jingine. Fuuu.

Ooh! Hili limepata baridi kali. Kombo akakunja uso. Akanyoosha mkono.

Daktari akasimama.

"Asante kwa kuniambia," daktari akasema. "Jino hili lina shimo dogo."

Kombo akauliza kwa sauti ndogo, "Utaling'oa?"

"Leo nimehesabu na kutazama tu. Siku nyingine utakuja tulisafishe shimo na kuliziba. Na kila kitu nitakuonyesha kwanza."

Mmmmmm. Kiti kikashuka.

"Kigari kinataka kupanda tena," Kombo akasema.

Kigari kikapanda. Mmmmmm. Kigari kikashuka. Mmmmmm.

Nje jua lilikuwa kali. Kombo akamshika Mama mkono.

"Mama, nimenyoosha mkono mara tatu."

"Nimeona."

"Na daktari amesimama mara tatu."

Sasa kile kijiko

Usiku wa kwanza soma tu. Usiku wa pili, ukifika kwenye kioo, mguse mashavu kwa mgongo wa kijiko, na akikubali mguse meno ukihesabu naye. Mtoto wa miaka 5 kwa kawaida bado ana meno yote 20 ya utoto, kumi juu na kumi chini, kwa hiyo hesabu ya Kombo itakuwa hesabu yake. Akinyoosha mkono, simama papo hapo, hata kama lilibaki jino moja. Atakujaribu. Atanyoosha mkono mara sita mfululizo ili aone, na wewe simama mara sita. Akiona kwamba mkono wake unasikilizwa nyumbani, atakuwa na cha kushika akiwa kwenye kiti.

Ila mkono huo hauna maana kama daktari hana habari nao. Nenda au piga simu kliniki kabla ya Jumatano, useme mambo mawili: kwamba mtoto ni mwoga na mmekubaliana ishara ya mkono, na kwamba unaomba siku ya kwanza iwe ya kuangalia tu. Uliza pia kama anaweza kupakatwa. Wakikujibu kwamba hapo huangalia na kutibu siku hiyohiyo, ibadilishe hadithi kabla hujaisoma, usije ukamwahidi kuhesabiwa tu kisha akaona mengine. Omba wakupe saa za asubuhi, mtoto akiwa ameshakunywa chai na hajachoka.

Kuna hali moja ambayo hadithi hii haifai kabisa. Kama shavu limevimba, ana homa, au jino linamwamsha usiku, usingoje Jumatano. Mpeleke leo. Njiani mwambie maneno machache ya kweli: jino lako linaumwa, daktari atalishughulikia, mimi nitakuwa nimekushika.

Kuhusu lile doa, nikutoe hofu bila kukupa ahadi. Doa jeusi si lazima liwe shimo, na shimo si lazima jino ling'olewe. Likiwa dogo, mara nyingi huzibwa. Na hapa nikuambie jambo ambalo wazazi wengi wa Tanga hawalijui: kuna njia ya kuziba meno bila ile mashine inayopiga kelele. Daktari anakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anajaza simenti maalumu ya meno. Njia hiyo ilianza kutumika hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ndipo ikaenea nchi nyingine. Mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Haifai kwa kila jino, kwa mfano lile ambalo uozo umeshafika kwenye mshipa wa ndani, lakini una haki ya kuuliza, "Daktari, hili linaweza kuzibwa kwa vifaa vya mkono?" Usikubali mtu akuambie "hayo ni meno ya utoto, yaache yatatoka." Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12 hivi. Ni miaka mingi ya kula ugali kwa upande mmoja, na gego likitoka mapema meno ya jirani husogea kuliziba pengo, lile la ukubwani likose pa kuotea.

Ikitokea safari ya pili anahitaji ganzi, ongeza ukurasa kwenye hadithi. Usilitaje neno sindano wewe wa kwanza, lakini akikuuliza, usikane. Andika hivi: *Daktari akampaka Kombo dawa kwenye fizi. Kisha Kombo akasikia kama kufinywa. Mama akahesabu naye mpaka kumi. Shavu likawa zito. Shavu limelala!* Na wewe ujue kwamba shavu hilo hulala saa 2 au 3, pengine zaidi. Katika muda huo usimpe chakula, na mwangalie asitafune mdomo wake. Nimewaona watoto waliotibiwa vizuri kabisa wakarudi kesho yake na mdomo umevimba kwa kujing'ata wenyewe bila kujua.

Turudi kwa kaka yake. Usimwambie mdogo kwamba kaka alikuwa analia bure, maana pamba aliiona kwa macho yake. Mwambie yaliyotokea: jino la kaka lilikuwa limeharibika sana, ikabidi litoke, damu ikatoka kidogo, pamba ikaizuia, na sasa pamepona. Kisha mwite kaka, afungue mdomo, mdogo atazame pale palipokuwa na jino. Watoto hutishwa sana na jeraha ambalo hawakuonyeshwa kupona kwake. Huyo kaka mkubwa naye msemeshe pembeni, kwa upole, asimtanie mwenzake kwa koleo wala sindano wiki hii. Na kama kuna mtu hapo nyumbani mwenye mazoea ya kusema "ukila peremende nitakupeleka kwa daktari akakung'oe", baba, bibi au jirani, mwombe aache. Daktari akishafanywa adhabu, hadithi yangu haitamrudishia sura yake.

Siku yenyewe, ukiwa umempakata, acha sauti iwe ya mtu mmoja. Daktari anapomwambia "fungua", na wewe ukasema "fungua mwanangu, fungua", na muuguzi akasema "jikaze, wewe mwanaume", mtoto hasikii neno hata moja. Nyamaza, mshike unyayo au goti kwa mkono uliotulia. Akilia, mwache alie. Mtoto anayelia yuko na mdomo wazi, na daktari mzoefu anaona mengi katika kilio hicho. Wala usimwahidi zawadi ya peremende. Kama unataka kumpa kitu, mnunulie mswaki mpya mkirudi, achague rangi mwenyewe. Usiku huo mswakishe wewe, kwa dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, ateme povu bila kusukutua kwa maji. Mkono wa mtoto wa miaka 5 haufiki vizuri nyuma kwenye magego, na utahitaji kumsaidia mpaka afike miaka 7 au 8.

Kisha usiku ule usimsomee Kombo. Mpe yeye kijiko, mwite kaka yake alale kitandani mdomo wazi, na yeye awe daktari. Amwambie kaka anyooshe mkono akitaka asimame. Ahesabu ya juu, ahesabu ya chini, na akifika penye pengo, amuulize kaka pale palikuwa na jino gani.